Bei moja, karatasi mbili: jinsi ya kuvuta bei kutoka orodha kuu hadi karatasi ya oda

Duka la jumla la vifaa vya ujenzi lililopo Igogo, kusini mwa katikati ya Jiji la Mwanza, huuza mzigo mwingi kwa watu ambao hawafiki dukani. Mwenye duka dogo wa Nansio, kule Ukerewe, hutuma oda yake kwa wasapu au hupiga simu. Anataka kujua jumla ni shilingi ngapi ili atume fedha kwa simu, mzigo ufungwe na kuvuka ziwa. Muuzaji akikosea bei, kosa hilo haligunduliki pale kaunta. Hugundulika fedha zikiwa zimeshalipwa na saruji ikiwa imeshapanda chomboni.

Wauzaji wengi siku hizi huandaa oda kwenye Excel. Kuna karatasi moja yenye bei za bidhaa zote na nyingine inayoandaliwa kila oda inapoingia. Swali ni jinsi bei inavyotoka ile ya kwanza na kuingia ya pili. Mtu akiangalia kwa macho na kuandika kwa mkono, siku moja ataruka mstari. Fomula ya kutafuta huifanya kazi hiyo bila kuchoka, lakini nayo ina namna yake ya kudanganya. Kwa kuwa fomula haisomeki vizuri redioni, tumeiweka hapa kwa maandishi, hatua kwa hatua.

Panga karatasi mbili kwanza

Tuchukue mfano wa duka lenye bidhaa saba tu. Bei tunazotumia ni za mfano, siyo za soko la leo. Fungua faili moja lenye karatasi mbili. Ya kwanza ipe jina Bei, ya pili Oda. Majina hayo huandikwa chini ya skrini, kwenye vichupo vya karatasi.

Kwenye karatasi ya Bei, mstari wa kwanza ni wa vichwa vya safu. Bidhaa zinaanzia mstari wa pili hadi wa nane. Safu ya A ni msimbo, B ni jina la bidhaa, C ni kipimo, D ni bei ya kuuzia:

```
   A      B                        C        D
2  SAR50  Saruji kilo 50           mfuko    17500
3  BAT30  Bati geji 30             kipande  24000
4  NON12  Nondo milimita 12        kipande  23000
5  NON10  Nondo milimita 10        kipande  16500
6  MIS04  Misumari inchi 4         kilo      4500
7  RAN20  Rangi lita 20            ndoo     75000
8  KAM08  Kamba nailoni milimita 8 bunda    16000
```

Msimbo ndio unaobeba kazi yote. Tungeweza kutafuta bei kwa jina la bidhaa, lakini majina huandikwa kwa namna nyingi. Mmoja ataandika "Saruji 50kg", mwingine "Saruji kilo 50", na kwa kompyuta hivyo ni vitu viwili tofauti. Msimbo mfupi, mmoja kwa kila bidhaa, huondoa utata huo. Bei nayo iandikwe tarakimu tupu. Ukiandika "17,500/=" kompyuta italichukua kama neno, na neno halizidishwi kwa idadi.

Kwenye karatasi ya Oda, mistari minne ya juu tumeiacha kwa jina la mteja, tarehe na vichwa vya safu. Bidhaa zinaanzia mstari wa tano. Safu ya A ni msimbo, B ni jina la bidhaa, C ni idadi, D ni bei, E ni jumla ya mstari. Muuzaji anaandika vitu viwili tu, yaani msimbo na idadi. Vingine vinakuja vyenyewe.

Fomula yenyewe, kipande kwa kipande

Kwenye kisanduku D5 cha karatasi ya Oda, andika hivi:

```
=VLOOKUP(A5,Bei!$A$2:$D$8,4,FALSE)
```

Isome kama unavyomtuma kijana wa duka. Sehemu ya kwanza, `A5`, ni kitu unachomwambia akatafute, yaani msimbo ulioandikwa kwenye oda. Ya pili ni mahali pa kutafutia: karatasi ya Bei, kuanzia A2 hadi D8. Atapekua safu ya kwanza ya eneo hilo peke yake, kwa hiyo msimbo lazima ukae kushoto kabisa. Ya tatu, `4`, inamwambia kwamba akishaupata msimbo ahesabu safu nne kutoka kushoto na kuleta kilichomo. Safu ya nne ni bei. Ya mwisho, `FALSE`, inamwambia alete kitu kilekile kilichotajwa, na asipokipata aseme hakuna.

Jina la bidhaa kwenye B5 linavutwa kwa fomula hiyohiyo, ila badala ya 4 unaweka 2. Jina hilo lisiachwe. Ndilo linalomwezesha muuzaji kuona kwa macho kwamba SAR50 imeleta saruji kweli. Kwenye E5 weka `=C5*D5`, kisha nakili fomula zote tatu kwenye mistari ya chini.

Alama za dola ndani ya fomula hazihusiani na fedha. Zinafunga eneo la kutafutia lisisogee fomula inaponakiliwa. Bila alama hizo, mstari wa sita wa oda utatafuta kuanzia A3 hadi D9, na wa saba kuanzia A4 hadi D10. Mteja akiitaja saruji kwenye mstari wa pili wa oda yake, kompyuta itajibu kwamba haipo, kwa sababu saruji iko mstari wa 2 wa orodha na utafutaji umeanzia wa 3.

Sasa tuandike oda ya mteja wetu wa Nansio. Anataka saruji mifuko 100, bati vipande 40 na nondo za milimita 12 vipande 30. Saruji inatoa 1,750,000, bati 960,000 na nondo 690,000. Jumla ni shilingi 3,400,000. Hiyo ndiyo hesabu sahihi, tuishike.

Neno moja linalogharimu 150,000

Tufute kipande cha mwisho cha fomula, lile neno `FALSE` pamoja na mkato ulio kabla yake, tuone kinachotokea. Excel hailalamiki. Fomula inakubalika na bei zinatokea kwenye mistari yote mitatu. Lakini saruji sasa inaonyesha 16,000, bati 24,000 na nondo 4,500.

Sababu ni kwamba bila neno hilo, Excel inachukulia kuwa orodha yako imepangwa kwa mfuatano wa alfabeti na kwamba kitu kinachokaribia kinatosha. Badala ya kupitia mstari mmoja mmoja, inakwenda katikati ya orodha na kuuliza kama kinachotafutwa kiko juu au chini ya hapo, kama mtu anayetafuta neno kwenye kamusi. Kwa SAR50 inaanzia katikati, kwenye NON10. Herufi S inafuata N, basi inashuka. Inafika RAN20, na S inafuata R, basi inashuka tena. Inafika KAM08, ambayo ni ya mwisho. K iko kabla ya S, basi inaamua kwamba hicho ndicho kilicho karibu, na inaleta bei ya kamba. Saruji iliyokaa juu kabisa ya orodha haikuguswa hata mara moja.

Kwa NON12 safari ni tofauti kidogo, lakini inaishia kwenye misumari, ndiyo maana ikaja 4,500. BAT30 ilikutana na njia kwa bahati, ikapata bei yake halali.

Angalia sasa hatari ilipo. Nondo ya milimita 12 kwa 4,500 itamshtua muuzaji yeyote. Atafuta, ataandika 23,000 kwa mkono, na ataamini amemaliza tatizo. Lakini saruji kwa 16,000 haishtui mtu. Inafanana na bei ya saruji. Oda itatumwa ikiwa na jumla ya 3,250,000, mteja atalipa haraka, na duka litakuwa limepoteza shilingi 150,000 bila alama yoyote nyekundu kwenye skrini. Kosa linalojitangaza linakupa nafasi ya kulirekebisha. Hili limevaa nguo za bei sahihi.

Kwa hiyo unapopewa faili lililotengenezwa na mtu mwingine, bofya kisanduku cha bei na usome fomula kwenye upau wa juu. Ikiwa haimaliziki kwa `FALSE` au `0`, ambavyo kazi yake ni moja, usiitumie kabla ya kuirekebisha. Kuipanga orodha kwa alfabeti siyo dawa kamili. Orodha ikipangwa vizuri, msimbo ulioandikwa vibaya bado utaletewa bei ya jirani yake badala ya kukataliwa.

Inapojibu `#N/A`

Ukiwa umeweka `FALSE`, siku moja utaona `#N/A` kwenye kisanduku cha bei, na jumla ya chini nayo itageuka `#N/A`. Maana yake ni kwamba msimbo huo haukupatikana mahali ulipoelekeza kutafutwa. Usikasirike nayo, imekuzuia kutuma oda isiyo kamili.

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni bidhaa mpya. Ukiongeza bidhaa ya nane kwenye mstari wa 9 wa orodha, fomula yetu haiioni, kwa kuwa tumeiambia iishie D8. Njia rahisi ni kuelekeza safu nzima badala ya mistari michache:

```
=VLOOKUP(A5,Bei!$A:$D,4,FALSE)
```

Sababu ya pili ni nafasi isiyoonekana. Msimbo ukinakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu, mara nyingi huja na nafasi tupu mwishoni. Kwa macho ni SAR50, kwa kompyuta ni herufi sita. Hakikisha kwa kuandika `=LEN(A5)` kwenye kisanduku cha pembeni. Misimbo yetu yote ina herufi na tarakimu tano, kwa hiyo ikijibu 6 umempata mchawi. Unaweza kuifuta nafasi hiyo kwa mkono, au ukaandika `TRIM(A5)` mahali pa `A5` ndani ya fomula ili nafasi za pembeni ziondolewe zenyewe.

Sababu ya tatu ni herufi O iliyowekwa mahali pa sifuri. MISO4 na MIS04 zinafanana sana, na hapa `LEN` haitakusaidia kwa kuwa zote ni tano. Andika upya msimbo kwa tarakimu. Herufi kubwa na ndogo hazina tatizo, kwani sar50 na SAR50 zinasomwa sawa.

Kuna dawa moja inayoenea sana na ambayo sisi hatuishauri: kuifunika `#N/A` kwa sifuri ili karatasi ipendeze. Fomula huandikwa `IFERROR(...,0)`. Katika oda yetu, msimbo wa nondo ukikosewa, bei itakuwa sifuri, jumla itakuwa 2,710,000, na mteja atapelekewa nondo 30 za bure. Kama unataka karatasi isomeke vizuri, weka neno badala ya sifuri:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A5,Bei!$A:$D,4,FALSE),"HAKUNA")
```

Hapo muuzaji ataona HAKUNA kwenye bei, na jumla itaonyesha `#VALUE!` kwa sababu neno halizidishwi. Oda haitatoka mpaka tatizo lishughulikiwe.

Safu ikiongezwa katikati

Ile namba 4 ndani ya fomula ina udhaifu wake. Siku moja mwenye duka anaamua kuweka bei ya kununulia kwenye orodha, naye anaingiza safu mpya kati ya kipimo na bei. Sasa D ni bei ya kununulia, na bei ya kuuzia imesogea E. Excel itapanua eneo la kutafutia yenyewe, lakini namba 4 haitaigusa. Fomula itaendelea kuleta safu ya nne, ambayo sasa ni bei ya kununulia.

Hapa tena hakuna onyo. Kila oda itakayoandaliwa kuanzia siku hiyo itamuuzia mteja kwa bei ambayo duka lenyewe lilinunulia, na itamwonyesha mteja siri ambayo mfanyabiashara yeyote huificha. Kama saruji ilinunuliwa kwa 16,200, ndiyo bei itakayosomeka kwenye oda ya Nansio.

Suluhisho ni fomula isiyohesabu safu bali inayotaja safu yenyewe. Kwenye Excel yoyote, hata ya zamani, unaweza kuandika hivi:

```
=INDEX(Bei!$D:$D,MATCH(A5,Bei!$A:$A,0))
```

`MATCH` inatafuta msimbo uko mstari wa ngapi, na sifuri ya mwisho inafanya kazi ileile ya `FALSE`. `INDEX` inaleta kilichomo kwenye mstari huo wa safu ya D. Ukiingiza safu mpya, Excel itaigeuza D kuwa E yenyewe, na bei ya kuuzia itabaki ya kuuzia.

Microsoft ilitangaza mwaka 2019 fomula nyingine inayofanya hayo kwa ufupi zaidi:

```
=XLOOKUP(A5,Bei!$A:$A,Bei!$D:$D)
```

Hii hutafuta kitu kilekile bila kuambiwa, kwa hiyo kosa la kusahau `FALSE` halipo. Inapatikana kwenye Excel 2021 na Microsoft 365, na pia kwenye Google Sheets. Kwenye Excel 2016 au 2019 ukiiandika utajibiwa `#NAME?`. Kabla ya kuichagua, angalia kompyuta zote zitakazofungua faili hilo, ya ofisini na ya ghalani. Kama mojawapo ni ya zamani, baki na `INDEX` na `MATCH`.

Bidhaa iliyoandikwa mara mbili

Bei ya saruji ikipanda, kuna mtu atakayeongeza mstari mpya chini ya orodha, SAR50 kwa 18,000, akaacha ule wa juu. Fomula zote tatu tulizozieleza huanzia juu na kusimama kwenye msimbo wa kwanza zinaoukuta. Zitaendelea kuleta 17,500, na mtu aliyebadilisha bei atashangaa kwa nini mabadiliko yake hayafiki kwenye oda.

Kanuni ni kubadilisha bei kwenye mstari uleule wa zamani, usiongeze mwingine. Na kama unataka kompyuta ikulinde, tenga safu ya F kwenye karatasi ya Oda, uweke hii kwenye F5 na kuinakili chini:

```
=COUNTIF(Bei!$A:$A,A5)
```

Inahesabu msimbo huo umeandikwa mara ngapi kwenye orodha. Jibu linalotakiwa ni 1. Ikijibu 0, bidhaa haipo. Ikijibu 2, kuna bei mbili na lazima mmoja aamue ipi ni halali kabla oda haijatoka.

Oda ikishakubaliwa, gandisha bei

Jambo la mwisho linahusu siku zinazofuata. Fomula haihifadhi bei. Inaisoma upya kutoka kwenye orodha kila mara. Tuseme mteja wetu alilipa 3,400,000 siku ya Jumatatu. Jumatano saruji inapanda hadi 18,000, na mwenye duka anarekebisha orodha kuu kama inavyotakiwa. Alhamisi akifungua faili la oda ya Jumatatu, atakuta jumla imekuwa 3,450,000. Mteja ambaye hana deni ataonekana anadaiwa 50,000, na anayesimamia hesabu anaweza kumpigia simu kumdai.

Kwa hiyo mara mteja anapokubali, chagua visanduku vyote vya bei kwenye safu ya D, vinakili kwa Ctrl+C, kisha palepale bandika kwa Paste Special na uchague Values. Fomula zinafutika, zinabaki tarakimu tupu za siku ile. Andika tarehe juu ya karatasi na uihifadhi kwa jina lake. Oda inayofuata ianze na nakala mpya yenye fomula, siyo na hii iliyogandishwa, la sivyo mteja wa wiki ijayo atauziwa kwa bei za Jumatatu.

Kabla ya kutuma oda yoyote, basi, mambo matatu yanatazamwa kwa macho: jina la bidhaa lililovutwa linalingana na alichoomba mteja, hesabu ya safu ya F ni 1 kwenye kila mstari, na bei ya bidhaa moja iliyochaguliwa inalingana na ile ya orodha kuu. Ichague bidhaa yenye idadi kubwa kuliko zote. Katika oda yetu ni saruji, na tumeona tofauti ya shilingi 1,500 kwa mfuko inavyofika 150,000 kwa mifuko 100.